Nyeupe ya Muhuri: Kutoka Picha ya Simu Hadi Raba

Raba ya muhuri haina kijivu. Kila sehemu ya uso wake ama imeinuka, inashika wino na kugusa karatasi, ama imechimbwa na haigusi kitu. Picha ya simu, kwa upande wake, ina viwango 256 vya mwanga katika kila moja ya rangi zake tatu, kuanzia 0 ambayo ni giza tupu hadi 255 ambayo ni mwanga kamili. Anayetaka kutoa muhuri katika picha hana budi kuamua, kwa kila pikseli, kama itainuka au itachimbwa. Uamuzi huo hufanywa kwa kizingiti, yaani namba moja: pikseli iliyo chini yake inakuwa nyeusi, iliyo juu yake inakuwa nyeupe. Kisha, mara nyingi, nyeupe nayo huondolewa na mahali pake pakabaki wazi, ili mchoro ukae katikati ya maandishi ya muhuri bila kuyafunika.

Kwa sababu programu nyingi hufanya kazi zote mbili kwa kubofya mara chache, watu wamezoea kuziona kama hatua moja. Ni hatua mbili zenye makao tofauti. Kizingiti kinahusu raba, na ubora wake huamuliwa na kazi inayotangulia namba yenyewe. Uwazi unahusu meza ya msanifu tu. Raba haiujui, na ukiachwa usafiri hadi kwenye mashine ya kutengenezea muhuri, ndio unaoharibu kazi. Kasoro nyingi ninazoziona katika mihuri yenye picha zinatokana na kutotenganisha mambo hayo mawili.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate hadi mwisho. Muuza viungo wa Zanzibar anataka muhuri wa duara wa milimita 40, wa kupiga kwenye mifuko ya karatasi ya kaki. Jina la duka litazunguka pembeni, na katikati liwepo shada la karafuu lenye majani mawili matatu na kichala cha vikonyo. Maandishi yakishachukua nafasi yao, picha inabakiwa na upana wa milimita 25. Analo shada lenyewe, ana karatasi nyeupe na ana simu.

Kabla ya kugusa programu yoyote, inafaa kujua raba inaweza kubeba nini. Mstari ulioinuka wenye upana chini ya milimita 0.2 hupinda au hukatika unapokandamizwa, na pengo jembamba kuliko milimita 0.3 hujaa wino baada ya kupigwa mara kadhaa, hasa kwenye karatasi ya kaki ambayo husambaza wino. Tukishika milimita 0.3 kama kipimo cha chini cha mstari na cha pengo, basi upana wote wa milimita 25 una nafasi ya vipande 83 tu, vyeusi na vyeupe vikipokezana. Hiyo ndiyo bajeti. Jani la mkarafuu lina vishipa vingi vyembamba vinavyokwenda sambamba, na kamera ya simu inaviona vyote. Muhuri utabeba mshipa wa katikati na labda vishipa vinne au vitano kila upande. Picha nzuri kwa macho si lazima iwe picha nzuri kwa raba, na anayeanza kwa kutafuta picha yenye maelezo mengi anajiongezea kazi ya kuyafuta baadaye.

Sasa kizingiti. Katika programu ya GIMP kipo chini ya `Colors > Threshold`, na kinapofunguka huonyesha histogramu, mchoro wa vilima unaoeleza ni pikseli ngapi zina kiwango gani cha mwanga. Picha iliyo rahisi kukatwa ina vilima viwili, kimoja cha kitu na kimoja cha karatasi, na bonde pana katikati. Ukiweka namba popote ndani ya bonde, matokeo yanakaribia kufanana. Picha ngumu haina bonde, na hapo kila namba inaharibu kitu.

Picha ya shada letu, likipigwa juu ya karatasi karibu na mlango, huwa ngumu kwa namna ifuatayo. Jani la kijani iliyokolea lina, tuseme, nyekundu 60, kijani 95 na bluu 40. Karafuu zilizoanza kuiva, zenye rangi ya waridi, zina nyekundu 200, kijani 130 na bluu 110. Karatasi upande wa mwanga iko kwenye 230 hivi, na kwenye pembe iliyo mbali na mlango imeshuka hadi 165. Programu inapogeuza rangi kuwa kijivu haichukui wastani wa kawaida. Kwa kanuni ya zamani ya televisheni, ambayo bado inatumika sana, huipa nyekundu uzito wa 0.299, kijani 0.587 na bluu 0.114, kwa kuwa jicho la binadamu huhisi mwanga wa kijani kuliko rangi nyingine. Kwa hesabu hiyo jani linapata kiwango cha 78 na karafuu 149. Kati ya karafuu na pembe yenye kivuli kuna hatua 16 tu. Ukiweka kizingiti 128, kama programu nyingi zinavyopendekeza zinapofunguliwa, majani yanabaki na karafuu zinapotea, na muuza karafuu anapata muhuri wa majani. Ukikipandisha hadi 170 karafuu zinarudi, lakini pembe ya karatasi nayo inageuka doa kubwa jeusi.

Hapa ndipo wengi huanza kusukuma kitelezi huku na huko wakitafuta namba ya bahati. Namba hiyo haipo. Hata hesabu ya Nobuyuki Otsu, mtafiti wa Kijapani aliyechapisha mwaka 1979 njia ya kuchagua kizingiti bila mkono wa mtu, haiwezi kuipata. Njia ya Otsu hujaribu kila kiwango na kuchagua kile kinachoyatenga makundi mawili ya pikseli kwa umbali mkubwa zaidi. Ni njia ya kutegemewa kwa ukurasa wa maandishi ulioskaniwa, kwa sababu pale kuna wino na karatasi tu. Picha yetu ina makundi manne: majani, karafuu, karatasi yenye mwanga na karatasi yenye kivuli. Kuigawa mara mbili kwa namba moja ni lazima kuliweke kundi mojawapo upande usio wake. Dawa ni kuyapunguza makundi kabla ya kukata.

Dawa ya kwanza ni kuacha kijivu kilichochanganywa na kuchukua chaneli moja ya rangi. Picha ya kidijitali ni picha tatu zilizopandana, na kila moja inaweza kutazamwa peke yake kama picha ya kijivu. Katika chaneli ya bluu jani lina 40 na karafuu 110, kwa kuwa vyote viwili hurudisha bluu kidogo. Karatasi nyeupe ina 225 upande wa mwanga, na kwenye kivuli ina kama 170. Pengo lililokuwa hatua 16 sasa ni hatua 60, bila kubadilisha chochote isipokuwa dirisha tunalotazamia. Kwa kitu chenye rangi nyingine dirisha hubadilika. Saini ya wino wa bluu kwenye karatasi nyeupe huonekana nyeusi zaidi katika chaneli nyekundu, na mistari myekundu ya daftari karibu itoweke yote katika chaneli hiyohiyo. Niseme wazi hapohapo kwamba mbinu hii hufanya kazi vilevile kwa saini ya mtu mwingine na kwa muhuri wa ofisi isiyo yako. Huko ni kughushi, na fundi anayeheshimu kazi yake huuliza picha imetoka wapi kabla ya kuifungua.

Chaneli ya bluu ina gharama zake. Katika picha za JPEG ndiyo yenye chengachenga nyingi zaidi, na mng'ao wa anga juu ya jani linaloteleza kama la mkarafuu una ubluu ndani yake, hivyo unajitokeza kwa nguvu kuliko katika chaneli nyingine. Doa la mng'ao lenye bluu 205 litakatwa kuwa nyeupe na kuacha tundu katikati ya jani. Njia bora ya kuliondoa ni kulizungusha shada kabla ya kupiga picha, hadi mng'ao uhame. Lililobaki hujazwa kwa brashi nyeusi baada ya kukata.

Dawa ya pili ni kusawazisha mwanga, na hii naithamini kuliko zote kwa kuwa haihitaji kifaa chochote. Simu ikiwa imeegemezwa pasipo kusogea, na mwangaza wa kamera ukiwa umefungwa kwa kushikilia kidole kwenye kioo, piga picha mbili: ya shada juu ya karatasi, kisha ya karatasi tupu. Picha ya pili ni ramani ya mwanga peke yake. Ukiigawanya ya kwanza kwa ya pili, pikseli kwa pikseli, kivuli cha pembeni kinajifuta, kwa sababu 170 gawanya kwa 170 ni sawa na 225 gawanya kwa 225. Karatasi yote inakuwa asilimia 100. Karafuu inakuwa 110 kwa 225, yaani asilimia 49, na jani asilimia 18. Bonde kati ya 49 na 100 ni pana, na kizingiti cha asilimia 70 au 75 kinakaa humo bila wasiwasi.

Katika GIMP ni kuiweka picha ya karatasi kama tabaka la juu na kulipa hali ya `Divide`. Kwa anayetumia ImageMagick, baada ya kuzikata picha zote mbili mahali pamoja, amri ni hizi:

```
magick shada.png -channel B -separate +channel a.png
magick karatasi.png -channel B -separate +channel -blur 0x20 b.png
magick a.png b.png -compose Divide_Src -composite sawa.png
```

Picha ya karatasi imepewa ukungu kwa `-blur` ili chenga zake zisihamie kwenye matokeo. Aliyesahau kupiga picha ya pili anaweza kutumia nakala ya picha ileile iliyotiwa ukungu mzito sana, lakini njia hiyo ina mtego. Jani likiwa pana kuliko ukungu wenyewe, giza lake huhesabiwa kuwa sehemu ya mwanga wa mahali pale, na katikati ya jani hupauka hadi kukatwa kuwa tundu. Kizingiti cha mahali, kinacholinganisha kila pikseli na majirani zake badala ya kutumia namba moja kwa picha nzima, kina ugonjwa huohuo. Kwa maandishi membamba ni kizuri. Kwa vitu vipana hubakiza mipaka na kula matumbo.

Kuna kivuli kimoja ambacho kugawanya hakukiondoi, nacho ni kile cha shada lenyewe juu ya karatasi, maana katika picha ya pili shada halipo. Hicho huondolewa wakati wa kupiga: shada liwekwe juu ya kipande cha kioo kilichoinuliwa sentimita kumi hivi kutoka kwenye karatasi, na mwanga utoke pembeni. Kivuli kinaangukia mbali au kinatawanyika hadi kuwa hafifu.

Kabla ya kukata kuna jambo moja zaidi, ambalo mpangilio wake ukigeuzwa haurekebishiki: ukubwa. Picha ikatwe ikiwa tayari ina ukubwa wa mwisho. Milimita 25 kwa nukta 1200 kwa inchi ni pikseli 1181, na kipande cha picha ya simu chenye shada huenda kina pikseli 700 tu. Kuikuza wakati bado ina kijivu huijaza mipaka kwa viwango vya katikati vinavyopanda taratibu kutoka giza hadi mwanga, na kizingiti kinapopita humo huchora mstari laini. Ikikatwa kwanza na kukuzwa baadaye, kinachokuzwa ni ngazi za pikseli, na raba itakayotoka itakuwa na kingo za meno. Ukungu mdogo kabla ya kukata husaidia pia, kwa kuwa huyeyusha chenga za JPEG na vumbi la karatasi.

```
magick sawa.png -resize 1181x1181 -blur 0x2 -threshold 72% \
  -units PixelsPerInch -density 1200 nyeusi.png
```

Sehemu ya mwisho, `-density 1200`, haibadilishi pikseli hata moja. Inaandika tu ndani ya faili kwamba zimepangwa 1200 kwa inchi. Bila hiyo programu ya michoro inaweza kudhani ni 96 kwa inchi, na shada la milimita 25 likafunguka likiwa na zaidi ya sentimita 30.

Matokeo ya hatua hii ni kivuli kizima cha shada, cheusi na safi, na hapo inaonekana jambo ambalo kizingiti hakiwezi kulifanya. Majani yamegandana. Karafuu iliyolala mbele ya jani imezama ndani yake, kwa sababu vyote viwili ni vyeusi na kizingiti hakijui kipi kiko mbele. Wengine hujaribu kurudi na kushusha namba hadi karafuu zijitenge, na wanaishia kupoteza ncha zake. Njia iliyo sahihi ni kukubali kwamba umbo la nje na maelezo ya ndani ni maswali mawili, kila moja na kizingiti chake. Kutoka chaneli nyekundu, ambako karafuu zina 200 na majani 60, unaweza kukata picha ya pili ambamo karafuu ni nyeupe juu ya majani meusi. Picha hiyo inaonyesha hasa mpaka wa karafuu na jani ulipo, na mpaka huo unachorwa kwa mkono kwa brashi nyeupe ya pikseli 16, sawa na milimita 0.34. Mshipa wa katikati wa kila jani unachorwa vivyo hivyo. Ni kazi ya muda mfupi, na ndiyo inayoleta tofauti kati ya karafuu na kichaka.

Mistari hiyo myeupe ina faida nyingine isiyoonekana kwenye kioo cha kompyuta. Eneo pana jeusi kwenye raba hunywa wino mwingi na kuutoa kwa mabaka, katikati pakipauka na pembeni pakivuja. Likigawanywa na vishipa vyeupe, shinikizo la mkono linajisambaza na chapa hutoka sawasawa.

Ukaguzi wa unene nao una njia rahisi. Katika GIMP teua nyeusi yote kwa `Select > By Color`, kisha `Select > Shrink` kwa pikseli 7. Sehemu ambayo uteuzi umetoweka kabisa ni nyembamba kuliko pikseli 14, yaani chini ya milimita 0.3. Kikonyo cha karafuu mara nyingi ndicho kinachoshindwa mtihani huu, na hunenepeshwa kwa brashi. Rudia kwa nyeupe ili kukagua mapengo. Vidoa vyeusi vilivyozagaa nje ya mchoro vifutwe vyote, hata vile vidogo, kwa kuwa kila kimoja kitakuwa kijiti cha raba kinachosimama peke yake uwandani na kupiga nukta ya wino kwenye kila mfuko.

Kwa sura ya mtu niongeze neno, maana ndilo ombi linalokuja mara kwa mara. Ngozi ina mteremko wa mwanga usio na bonde, na kizingiti huifanya nusu ya uso kuwa shimo. Mbinu ya kutawanya nukta, kama ile ya Floyd na Steinberg ya mwaka 1976, huonekana nzuri kwenye printa kwa sababu nukta zake ni ndogo sana. Raba inataka nukta zisizopungua milimita 0.4 au hapo, na kwa upana wa milimita 25 hizo ni nukta 62. Hazitoshi kumtambulisha mtu. Mchoro wa mistari uliochorwa na mkono hushinda, na mteja aambiwe hivyo mapema.

Tumefika kwenye nyeupe. Shada sasa ni faili lenye rangi mbili tu, na likiletwa katikati ya duara la maandishi linakuja na mraba wake mweupe, pembe zake zikifunika herufi. Kuifanya nyeupe iwe wazi ni rahisi kabisa wakati huu, na sababu ni kwamba hakuna kijivu kilichobaki:

```
magick nyeusi.png -transparent white wazi.png
```

Anayejaribu kuondoa nyeupe kabla ya kukata hukutana na shida tofauti. Karatasi yenye 225 si nyeupe, hivyo haiondoki. Akiongeza uvumilivu wa uteuzi ili iondoke, karafuu zenye rangi hafifu zinaondoka nayo, na kandokando ya majani hubaki utepe wa kijivu. Utepe huo hauonekani juu ya ukurasa mweupe. Unajitokeza mchoro unapowekwa juu ya picha ya mfuko wa kaki ili mteja aone mfano. Zana ya `Color to Alpha` huondoa nyeupe kwa viwango, ikiacha pikseli zilizo wazi nusu. Kwa nembo ya tovuti ni jambo zuri. Kwa muhuri ni kijivu kilichorudi kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa pikseli iliyo wazi nusu italazimika kuamuliwa tena baadaye, na safari hiyo na mashine.

Hata faili lililokatwa vizuri huharibika likihifadhiwa kama JPEG katikati ya safari. Mbano wa JPEG huzalisha kijivu upya kandokando ya kila mstari, na nyeupe ya 255 inakuwa 251 au 248, ambazo amri ya kuondoa nyeupe haizigusi. Pia JPEG haina uwazi kabisa. Ndiyo maana mchoro ukitumwa kwa WhatsApp kama picha hufika ukiwa na mandhari ya nyuma iliyojazwa rangi moja. Utumwe kama hati, na uwe PNG.

Swali jingine ni nyeupe ipi iondolewe. Zana ya kuteua eneo lililoungana huondoa nyeupe ya nje tu na kuacha vishipa vya majani vikiwa na nyeupe halisi. Kuteua kwa rangi huondoa nyeupe yote, hata ya ndani. Kwa muhuri kimantiki ni ya pili, kwani popote palipo nyeupe raba haigusi. Lakini kama msanifu amepitisha mstari wa duara nyuma ya jani, mstari huo utachungulia kupitia vishipa. Hapo nyeupe ya ndani ibaki, na mstari wa duara ukatwe kabla ya kulifikia jani, ukiacha pengo la milimita 0.3.

Ipo njia ya kulikwepa suala lote la uwazi, nayo ni kuugeuza mchoro kuwa mistari ya vekta. `Path > Trace Bitmap` ya Inkscape hutumia Potrace, programu ya Peter Selinger, ambayo hupokea picha nyeusi na nyeupe na kurudisha maumbo meusi yenye kingo laini. Nyeupe haipo kabisa ndani ya faili la namna hiyo, hivyo hakuna cha kuondoa. Napendekeza njia hii kila mara fundi anapoweza kupokea faili la SVG. Haiondoi ulazima wa kizingiti kizuri, kwa kuwa Potrace hufuata kile ilichopewa, pamoja na vidoa.

Mchoro ukishakamilika, jina la duka likiwa limezunguka na shada likiwa katikati, unakwenda kwa fundi, na hapa nyeupe inabadilika mara ya mwisho. Mashine ya leza huchoma palipo peusi. Ili shada libaki limeinuka ni lazima kinachochomwa kiwe uwanja, kwa hiyo uwanja ndio uwe mweusi. Muhuri wa sponji unaotengenezwa kwa taa ya mmweko hufuata kanuni hiyohiyo kwa sababu nyingine: weusi wa filamu hunywa joto la taa na kuziba matundu ya sponji, na palipozibwa wino haupiti. Katika muhuri wa polima mwanga hupita palipo wazi kwenye filamu na kuigandisha polima, na ile iliyokingwa na weusi huoshwa. Njia tatu tofauti, na katika zote kile tulichokifanya kiwe wazi ndicho kinachotakiwa kuwa cheusi.

Faili lenye uwazi haliwezi kugeuzwa hivyo. Amri ya kugeuza rangi hugusa rangi na kuuacha uwazi ulivyo. Shada jeusi linakuwa jeupe, uwanja unabaki wazi, na fundi anafungua faili linaloonekana tupu. Programu nyingine za leza hupuuza uwazi na kusoma rangi iliyofichwa chini yake, maana pikseli iliyo wazi bado ina namba za rangi ndani yake. Ikiwa rangi hiyo ni nyeupe, kama amri ya `-transparent white` inavyoiacha, hakuna madhara. Ikiwa ni nyeusi, kama programu kadhaa zinavyofanya zinapofuta, mashine inaona mraba mweusi mtupu. Kwa hiyo mchoro ukamilike, kisha uwazi ujazwe nyeupe, ndipo ugeuzwe:

```
magick muhuri.png -background white -alpha remove -alpha off \
  -negate -flop leza.png
```

Hilo `-flop` hugeuza kulia kuwa kushoto, kwani raba ni kioo cha chapa yake. Programu za leza nazo zina kitufe cha kugeuza kwa ajili ya mihuri, tena mara nyingi kitufe hichohicho hubadilisha nyeusi na nyeupe. Kikitumika juu ya faili ambalo tayari limegeuzwa, jina la duka litasomeka kinyumenyume kwenye mfuko, na shada litakuwa jeupe ndani ya duara la wino. Msanifu na fundi wakubaliane nani anageuza. Mimi humpelekea fundi mchoro wa kawaida, mweusi juu ya nyeupe halisi, bila uwazi na bila kugeuzwa, pamoja na karatasi iliyochapwa kwa ukubwa wa milimita 40, ili ajue jinsi chapa inavyotakiwa kuonekana.

Chapa ya kwanza kwenye kaki hueleza kosa liko hatua gani. Kingo za meno zinamaanisha picha ilikatwa kabla ya kukuzwa. Karafuu zilizoliwa ncha zinamaanisha kizingiti kilikuwa chini mno, au kijivu kilichukuliwa mahali pa chaneli. Vishipa vilivyojaa wino kwenye chapa za kwanza tu, kisha vikafunguka, ni wino mwingi kwenye pedi. Vikibaki vimejaa ni vyembamba kuliko uwezo wa kaki, na virudi kwenye brashi ya pikseli 20. Na kama wino unaonekana katika uwanja mtupu kati ya shada na maandishi, tazama kwanza kama alama hizo zinarudi mahali palepale kwenye kila mfuko. Zikiwa palepale na zina ukubwa wa nukta, ni vidoa vilivyosahaulika kwenye faili. Zikiwa mabaka yanayobadilika kwa jinsi mkono unavyokandamiza, faili halina kosa: leza haikuchimba kina cha kutosha, na raba ya chini inagusa karatasi.